Kikapu cha Kwanza cha Constance

Wajukuu wangu wakiniuliza nilifanya kazi gani wakati wa Wabelgiji, nawaambia nilikuwa mtu wa kisu. Wanadhani nilikuwa muuza nyama. Nikiwaambia kwamba nilikuwa nakata shufleri, lile kabichi lenye ua jeupe, wanaanguka kwa kicheko. Wacheke tu. Hawajui kwamba mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1953, palikuwa na watu arobaini waliokuwa hawalali vizuri kwa sababu ya kisu changu.

Naitwa Alexis Mwape. Siku hizo nilikuwa na miaka thelathini na miwili, shati jeupe kila siku, kalamu mbili mfukoni, moja haikuandika lakini ilipendeza. Nilisoma Kifaransa kwa mapadri, nikawa miongoni mwa wale waliokuwa wanaitwa evolwe, Waafrika waliohesabiwa na Wabelgiji kuwa wameendelea, na nilitaka kila mtu ajue. Sitajificha. Nilikuwa na majivuno, na hasira zangu zilikuwa karibu.

Depo ya mboga nilipofanya kazi ilikuwa ya Bwana Manoli, Mgiriki mfupi mwenye sauti kubwa. Alikuwa na ardhi kando ya kijito kinachoingia mto Kafubu, ameigawa mashamba arobaini, na kila shamba lilikuwa na mwenyewe: wake za wafanyakazi wa mgodi, wazee waliostaafu reli, wajane. Walilima, yeye alinunua, kisha akapeleka mboga hotelini, na kwa nyumba za wazungu, na kwenye behewa la chakula la treni iliyokuwa inaenda Sakania. Wataliano wa mjini ndio waliotaka brokoli, kwa hiyo tulilima brokoli pia, ingawa sisi wenyewe tulikuwa tunaona ni shufleri iliyosahau kuwa nyeupe.

Kila Jumatano na Jumamosi asubuhi, vikapu vilipangwa kwenye meza ndefu ya mbao. Baridi ya mwezi wa sita, ile yenyewe ya Katanga, moshi unatoka mdomoni, majani bado yana maji. Mimi nikafika na kisu. Kilikuwa na mpini wa shaba, nilikirithi kwa Ba Kapya aliyenifundisha kazi kabla hajarudi kwao. Ee, nakumbuka mpini ule ulivyokuwa baridi asubuhi, na harufu ya shina la shufleri likikatwa, tamu kidogo na kali kidogo. Mpaka leo nikiisikia harufu ile sokoni nasimama kama mtu aliyeitwa.

Kazi ilikuwa hivi. Kutoka kila kikapu nilitoa vichwa vitatu, cha juu, cha katikati na cha chini kabisa, maana watu ni watu na vizuri huwekwa juu. Kwanza nilitazama ukubwa. Kama kichwa ni kidogo kama yai, kimekaa juu ya mche wenye majani machache, tuliita hicho kifungo, na kifungo hakikui tena hata ukipigie magoti. Mche ukiteseka ungali mdogo, ukakaa kitaluni mpaka ukazeeka, au ukakosa chakula, unaogopa kufa, unatoa ua haraka haraka na mambo yake yanaishia hapo. Pili nilitazama uso. Uso ukipigwa na jua unakuwa wa manjano, ndiyo maana mkulima anafunga majani juu ya kichwa. Tatu nilikata shina chini ya kichwa nikatazama kama lina tundu. Halafu nilisema neno moja: "Ndani," au "Inje." Sikueleza zaidi. Kueleza kulikuwa kunanichosha.

Kikapu cha inje mkulima alikirudisha, akauze sokoni kwa bei ya kulia. Lakini ukikataliwa mara tatu katika msimu mmoja, Bwana Manoli alichukua shamba akampa mwingine. Watu waliosubiri mashamba walikuwa wengi, walikuwa wanasimama kando ya uzio wanatazama kisu changu kuliko mimi nilivyokitazama.

Palikuwa na sheria nyingine moja, ya tangu Ba Kapya. Mkulima aliyekataliwa alikuwa na haki ya kusema: "Onja." Hapo mwenye kisu ni lazima akate kipande cha moyo wa kichwa kile, akile mbele ya watu wote, na kusema neno lake upya. Akirudia "inje," kikapu chote kinabaki kwenye depo bure, mkulima anarudi mikono mitupu. Kwa miaka minne yangu hakuna aliyewahi kuniambia nionje. Kuniambia nionje ilikuwa kuniambia mbele ya watu kwamba sijui kazi.

Sasa Constance.

Constance Chomba alitoka Pweto, akaolewa na fundi wa mgodi, akaja naye mjini. Mwezi wa tatu wa mwaka ule mume wake alikufa kwa homa ya mapafu. Nyumba ya kambi ilikuwa ya mfanyakazi, na mfanyakazi hakuwepo tena, kwa hiyo alitolewa. Akapanga chumba kimoja kwenye cité, mtaa wa Waafrika, pamoja na binti yake Edith, aliyekuwa anasoma kwa masista. Kilichobaki ni shamba lile ambalo marehemu alilichimba mwenyewe baada ya kazi, matuta kumi na mawili karibu na maji. Shamba likienda, Constance angepandishwa lori kurudi Pweto, kwa shemeji zake, wagawane sufuria zake na wamtoe Edith shuleni. Jambo hilo kila mtu kwenye depo alilijua, na mimi nililijua.

Kikapu chake cha kwanza kilikuja mwanzo wa mwezi wa sita. Sikuhitaji hata kisu. Vifungo vitupu, vyeupe na visafi, kila kimoja kinaenea kwenye kiganja cha mtoto.

"Mama Constance," nikasema, "hii miche ilizeeka ku kitalu. Ulihamisha na wiki ngapi?"

"Kenda, Ba Alexis."

"Na banasema ngapi?"

"Tano."

"Sasa ulichelewa juu ya nini?"

Alitazama meza. Alikuwa bado amevaa kitambaa cheusi kichwani. "Nilichelewa," akasema, "nilikuwa mu kilio."

Na mimi, na shati langu na kalamu zangu mbili, nikamwambia: "Shufleri haijue kilio, mama. Inje."

Constance alifunika kikapu na jani la mgomba akakibeba. Mimi niliona nimesema neno la akili, hata nikalirudia jioni kwa rafiki zangu tukiwa tunakula bukari, ugali wetu.

Kikapu cha pili kilikuja baada ya wiki tatu, kutoka kwa matuta mengine, miche aliyopewa na jirani ikiwa na umri wake sawasawa. Safari hii vichwa vilikuwa vikubwa. Nikakata shina, nikaona tundu ambalo kidole changu kinaingia. Nikakata cha pili, tundu. Cha tatu, tundu.

"Mbolea mingi," nikasema. "Unataka vinone mbiombio kama nguruwe ya Krismasi. Inje."

"Ba Alexis, mbolea niliweka kidogo. Niko na feza ya mbolea wapi?"

"Tundu njo tundu. Ndiyo hivyo."

Hapo ilinipasa niiname nitazame ndani ya lile tundu. Kazi ya mwenye kisu si kuona tundu tu, ni kuona kuta zake. Sikuinama. Nilishamaliza, nikamwita mwingine.

Ilibaki mara moja. Wiki zilizofuata nilimwona Constance shambani kila nilipopita, asubuhi na jioni, na arozwari, ile ndoo ya kunyunyizia, mkononi, anamwagilia, anafunga majani juu ya vichwa na nyuzi za magunia, kimoja kimoja. Mzee mmoja wa reli, Faustin, mcheshi wa depo, alinitania: "Mwape, yule mwanamuke akishinda wewe utafanya nini? Utakula shati yako?" Nikamwambia achunge brokoli zake. Kweli nilianza kuwa na wasiwasi, na sikupenda wasiwasi ule, kwa sababu nilikuwa natamani vichwa vya Constance viwe vizuri na sikuwa nimezoea kutamani kitu juu ya meza ile.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa saba alikuja na kikapu cha tatu. Bwana Manoli alikuwepo, amekaa juu ya sanduku na kahawa yake. Wale wa uzio walikuwa wamesogea karibu.

Nikafungua majani ya kichwa cha kwanza. Uso wake ulikuwa na madoa ya rangi ya kahawia, mengine makavu, mengine bado yana unyevu kama mahali palipoungua na maji ya moto. Cha katikati, madoa. Cha chini, madoa, na nilipokata shina, tundu.

"Jua na uzee," nikasema. "Ulikawia kukata. Hukufunga majani."

"Nilifunga yote," Constance akasema. "Uliniona. Ulikuwa unapita kila siku, unatazama."

Mtu mmoja akacheka nyuma. Mimi masikio yakawa moto.

"Inje," nikasema.

Bwana Manoli alikuwa anaweka kikombe chini ainuke, na mmoja wa wale wa uzio alishavua kofia, wakati Constance aliposema, bila kupandisha sauti: "Onja."

"Unasema nini?"

"Miye nasema uonje, Ba Alexis. Njo sheria."

"Mama, ukikosa utaacha na kikapu yote. Hata ya kuuza sokoni hautakuwa nayo."

"Najua. Onja."

Nikakata kipande cha moyo, nikakiweka mdomoni. Nilitarajia ladha ya kila siku, maji na sukari kidogo. Nikapata uchungu, uchungu wa dawa, na kitu kigumu kati ya meno, kama kizibo cha chupa. Nikatafuna mpaka mwisho kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Nikameza. Na nikabaki nimesimama, kwa sababu nilijua kwamba jua halileti uchungu ule, wala mbolea.

"Faustin," nikasema, "lete brokoli yako moja. Ile nene."

Faustin alikuwa anachukua samadi ya machinjioni bila kipimo, kila mtu alijua, na nafasi kati ya miche yake ilikuwa kubwa mno. Nikakata shina la brokoli yake. Tundu, kubwa kabisa. Nikaliweka karibu na shina la Constance, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nikainama. Tundu la Faustin lilikuwa na kuta nyeupe, safi, kavu. Nikaonja: tamu. Tundu la Constance lilikuwa na kuta za kahawia, zimekauka na kupasuka. Yalikuwa magonjwa mawili, na mimi nilikuwa nayaita jina moja.

Hapo kumbukumbu ya karatasi moja ikanijia.

"Nakuja," nikasema, nikaingia kwenye chumba changu kidogo nyuma ya depo.

Nyuma ya mlango nilikuwa nimebandika karatasi ya Kifaransa aliyoniachia mzungu wa kilimo, mwaka uliopita, mwezi wa kumi, ili niwaeleze wakulima. Mwanzoni ilisema udongo wa kando ya kijito ni mchachu, mizizi ya kabichi inavimba, weka chokaa. Hilo nilielewa, nikalitangaza shamba kwa shamba kama mtu aliyelitunga mwenyewe. Kwa Constance na marehemu mume wake nilikuwa nimechukua udongo, nikaugusa na ulimi, nikasema: "Yenu iko kali. Muweke mara mbili." Mume wake aliniita bwana agronomo, mtaalamu wa kilimo. Nilifurahi sana siku ile.

Sasa nikasoma chini ya karatasi, ule mstari ambao mwaka uliopita niliuruka. Ulisema kwamba shina lenye tundu na kuta za kahawia, na uso wenye madoa ya kahawia na uchungu, ni dalili ya udongo kukosa kitu kinachoitwa *bore*, na kwamba hutokea zaidi mahali palipotiwa chokaa kupita kiasi, hasa wakati wa ukavu. Niliuruka kwa sababu sikujua *bore* ni nini. Na sikuuliza, kwa sababu mtu mwenye kalamu mbili anaulizaje?

Nataka niseme ukweli juu ya zile dakika. Mlango ulikuwa umefungwa. Karatasi ilikuwa moja tu mjini mle, na hakuna mkulima hata mmoja aliyesoma Kifaransa. Ningeitia mfukoni, ningetoka, ningesema "inje," na kesho yake maisha yangekwenda vilevile. Nilifikiria kufanya hivyo. Nilikuwa hata nimeshatoa misumari miwili. Nilimfikiria yule fundi akiniita bwana agronomo, anashukuru, anachukua koleo. Na ule uchungu ulikuwa bado uko kwenye ulimi.

Nikatoka na karatasi mkononi.

"Bwana Manoli," nikasema, "vichwa hivi ni inje. Hotelini haviwezi kwenda, watavitupa. Lakini kosa si la Mama Constance. Ni langu. Mimi ndiye niliyewaambia waweke chokaa mara mbili, na chokaa imefunga chakula cha udongo. Kikapu cha pili vilevile. Nilisema mbolea, haikuwa mbolea. Hivyo viwili uviweke kwa jina langu. Chake ni kimoja, kile cha kwanza, cha vifungo."

Nikasoma mstari kwa Kifaransa, nikaueleza kwa Kiswahili, na nilipofika kwenye neno lile nikasema mbele ya watu arobaini: "Hii sijui ni nini."

Hakuna aliyecheka. Bwana Manoli alitazama mashina mawili juu ya meza, la Faustin na la Constance, akayageuza geuza. Alikuwa mtu wa biashara, si mtu wa huruma, lakini hakuwa mjinga.

"Ile mashamba yote ya kule chini naweka chokaa sababu wewe nasema?" akauliza kwa Kiswahili chake cha kazi.

"Ndiyo, bwana. Lakini mara moja. Mara mbili ni kwake tu."

"Mama nabaki na shamba," akasema. Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu. "Wewe naleta kisu."

Nikampa. Mpini wa shaba ulikuwa umepata joto la mkono wangu. Akakigeuza, akatazama watu, na akampa Constance.

"Huyu nafanya wewe kula," akaniambia. "Basi huyu nakata."

Mwanamke mwenye kisu, kwenye depo, mwaka 1953. Watu walizungumza mpaka mitaa ya mbali, Kenya na Katuba. Constance mwenyewe alisimama pale na kile kisu kana kwamba amepewa mtoto wa mtu amshike. Halafu akakipangusa na kitambaa chake, akamwambia Faustin: "Tata, leta kikapu."

Kaka wa Constance, Clément, alikuwa anafanya kazi kwenye laboratwari ya mgodi, wanapopima mawe ya shaba. Ndiye aliyetufumbulia. Alisema mule ndani wana unga mweupe unaoitwa buraksi, unayeyusha mawe kwenye moto, na kwenye mkebe wake limeandikwa lile neno langu, *bore*, ndiyo boroni ya leo. Famasia ya mjini iliuza unga huohuo kwa wafua nguo. Nilikwenda kumtafuta yule mzungu wa kilimo, nikamuuliza, nikavumilia anavyonitazama, naye akanipa kipimo: kijiko kimoja cha supu ndani ya arozwari kwa tuta la hatua kumi na mbili, mara moja, usiongeze, maana ukizidisha unaunguza. Safari hii nilifikisha maneno yote, mpaka la mwisho. Kwa vichwa vya mwaka ule tulikuwa tumechelewa. Lakini msimu uliofuata matuta ya Constance yalitoa shufleri nyeupe, nzito, shina limejaa kutoka upande mpaka upande. Ziliingia kwenye treni ya Sakania.

Mimi nilipewa shamba la mwisho, karibu na uzio, la mtu aliyehamia Jadotville. Shati jeupe likaisha wiki ya kwanza. Na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa ya kukata na si ya kulima, kikapu changu cha kwanza mbele ya Constance kilikuwa na nyuso za manjano, nilifunga majani vibaya.

"Inje, Ba Alexis," akasema.

Cha pili kilikuwa na matundu. Akainama, akatazama kuta, akanionyesha. "Nyeupe. Hii njo mbolea mingi, kweli. Unataka vinone mbiombio kama nguruwe ya Krismasi." Depo nzima ilicheka, na mimi nikacheka, nikajua alikuwa amelitunza lile neno mwaka mzima. Cha tatu kikaingia ndani. Alikata, akatazama, halafu bila mtu kumwomba akakata kipande akaonja, akanipa nusu ya pili kwenye ncha ya kisu. Nikala. Nyuma yetu Faustin alikohoa.

Nilimuoa mwaka 1956, mwezi wa tisa. Edith alikuwa ameshavaa viatu vya shule ya sekondari. Nyumbani kwetu mazoea yalibaki hayohayo: msimu wa baridi, mstari mmoja wa shufleri nyuma ya nyumba, kichwa cha kwanza kinakatwa na Constance, nusu yake, nusu yangu, na neno moja. Wabelgiji walikwenda. Bwana Manoli alikwenda. Kisu kilibaki, bapa lake limekuwa jembamba kwa kunolewa. Alinikatalia vichwa vingi mno katika ndoa ile. Hakunihurumia hata nilipopata miaka sabini, mikono inatetemeka.

Mwaka jana aliugua mwezi wa pili, wakati miche ilikuwa imeota vizuri kitaluni. Mwezi wa tatu nilikuwa hospitalini mchana wote, nikirudi nilikuwa nalala na viatu. Mwezi wa nne tulimzika. Watu walijaa uani kwa kilio, Edith alikuja na watoto wake, na siku walipoondoka niliona miche bado iko kitaluni, mirefu, migumu, shina lake limekuwa kama kijiti. Nilihesabu. Wiki tisa, kenda zilezile za Constance. Nilijua itakuwaje, ni kazi yangu kujua. Lakini nilihamisha, kwa sababu tulipanda kila mwaka.

Mwezi wa sita mstari wote ulitoa vifungo. Vyeupe, visafi, kila kimoja kinaenea kwenye kiganja cha mtoto.

Nilisimama pale na kisu asubuhi, na baridi yake, na nikasikia sauti ya kijana mmoja mwenye kalamu mbili. Shufleri haijue kilio, mama. Miaka mingi nilijisifu moyoni kwamba siku ile nilisema kweli mbele ya Bwana Manoli, viwili vyangu, kimoja chake. Hata Constance sikuwahi kumgusia kile kimoja. Naye hakuwahi kunitajia. Neno la nguruwe ya Krismasi alinirudishia, akacheka. Lile la kilio hakulirudisha kamwe, na mimi, mpumbavu, nilidhani amelisahau.

Nilikata vifungo vyote. Nikaviweka kwenye kikapu, nikavifunika na jani la mgomba kama alivyofanya yeye, nikabeba mpaka kwenye kaburi lake, ni dakika ishirini kwa miguu yangu. Nikamwambia: "Mama Constance, na kikapu kile cha kwanza kilikuwa changu. Nisamehe."

Halafu nikarudi nyumbani nikavipika. Vilikuwa vidogo, lakini vilikuwa vitamu, nikala vyote na bukari.